Swali la Tatu Sikuliuliza

Subira sina, sikuwahi kuwa nayo, na waliofanya kazi na mimi wanalijua hilo. Nilipokuwa katika masijala ya chama cha ushirika nilikuwa nikigonga taipureta huku nasonya, hadi bosi wangu akaniambia siku moja kwamba barua zangu zinanuka hasira. Basi ushirika ulipoyumba, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na mizani yao na malori yao, sisi wa masijala tukaitwa mmoja mmoja na kuambiwa tumepunguzwa. Ilikuwa enzi ya ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa na kukaa nyumbani. Mimi sikukaa. Niliinunua ile taipureta yangu ya zamani, ambayo herufi "e" yake ilikuwa imejaa wino mpaka inatoka kama kidoti, nikaiweka juu ya meza kwenye baraza la duka moja la vitambaa pale Bariadi mjini, nikaandika kwenye ubao: TUNAPIGA CHAPA, TUNAANDIKA BARUA ZOTE.

Zile barua zote ndizo zilizonifundisha kazi. Ushirika ulikuwa ukiniletea maneno tayari, mimi nagonga tu. Pale barazani watu waliniletea shida, wakataka niwape maneno. Na shida haiji imepangwa. Inakuja kwa mkia, au kwa sikio, na wewe uliyeshika karatasi ndiye utafute kichwa kiko wapi. Ikabidi niulize. Nikawa hodari wa kuuliza kweli kweli, na uhodari huo ndio uliomponza baba mmoja wa Lalago.

Huyo baba alitaka barua ya rufaa juu ya kiwanja chake. Nikamuuliza, akajibu nusu. Nikamwambia arudi na nusu nyingine. Akarudi na robo. Nikamwambia arudi tena. Mara nne alipanda gari kutoka Lalago kuja kunijibu kile nilichotaka kukijua, kwa sababu mimi niliapa kwamba karatasi yenye pengo haitoki mezani kwangu. Mara ya nne barua ilikuwa safi, haina doa, na siku za rufaa zilikuwa zimepita. Hakunigombeza. Alikunja ile barua, akaitia mfukoni, akasema, "Basi, wabeja mayu," asante mama, akaondoka zake. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo alipokuja katibu wa kamati ya maji, mimi nilikuwa tayari nina kidonda.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye mtoto mgongoni, ametoka kijiji kimoja cha ndani kwa baiskeli ya kupewa lifti. Kijiji chao sikitaji. Alifungua kanga akatoa fomu iliyokunjwa mara nane. Kulikuwa na mradi wa wafadhili uliokuwa ukichimba malambo, yale mabwawa ya kukinga maji ya mvua kwa ajili ya mifugo na watu, na ofisi yao ilikuwa hapa hapa mjini. Vijiji viliambiwa vilete maombi yaliyoandikwa. Mwisho wa kupokea ulikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia ile, saa sita mchana, na baada ya hapo katapila linakwenda wilaya nyingine.

"Mwaka jana kiangazi kilituua," akasema. "Mwaka huu tukikosa lambo, sijui. Mwenyekiti wetu amesema nisirudi bila barua."

Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mkwe wake. Alimtaja kwa sauti ya chini, kama vile mzee amesimama nyuma ya mlango. Nilimfahamu mzee huyo kwa sifa tu. Enzi za ushirika, mtu akitaka kusema fulani ni tajiri, alisema ana ng'ombe kama wa yule mzee.

Nikaisoma fomu. Maswali yake hayakuwa ya kuchezea. Kaya ngapi? Mifugo mingapi? Maji ya sasa yako wapi? Eneo la lambo limetolewa na nani, na ushahidi uko wapi? Wananchi watachangia nini? Nikamuuliza katibu, naye kila swali akajibu, "Hilo mpaka nikawaulize wazee." Sawa. Nikachukua karatasi, nikamwandikia maswali tisa yaliyopangwa vizuri, na nafasi ya kujibia chini ya kila swali. Nilijisikia mjanja sana.

Majibu yalikuja baada ya siku nne. Ninayakumbuka kama sala.

Kaya ngapi? Kaya zote.

Maji mnachota wapi? Mbali.

Wananchi watachangia nini? Tuko tayari.

Eneo limetolewa na nani? Limeshatolewa.

Ng'ombe wangapi? Wapo.

Nilicheka mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini. Kisha nikakasirika. Wapo! Jamani, si nimeuliza wangapi? Nilimgeukia katibu na maneno yakiwa mdomoni, nikamwona ameinamisha kichwa, anamnyonyesha mtoto, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nikayameza.

Nikajiambia, kosa la kwanza ni lako, bibi. Uliwapa maswali tisa watu wanaokutana jioni wakiwa wamechoka, na hukuwaambia hata moja ni la nini. Mtu akiulizwa asichojua ni cha nini, hujibu cha kumtosha muulizaji aondoke. Nikayapunguza maswali yakawa manne. Safari hii sikuandika tu. Nilimkalisha katibu nikamweleza. Kaya wanataka kujua watu watakaokunywa. Eneo wanataka muhtasari wa mkutano wa kijiji, usije mradi ukachimba shamba la mtu. Mchango wanataka kusikia kazi gani kwa mikono yenu, kusomba mawe au kupanda nyasi za kuzuia udongo. Na ng'ombe wanataka idadi kwa sababu ukubwa wa lambo unatoka humo. Wakichimba dogo, maji yataisha kabla ya mvua. Wakichimba kubwa kuliko haja, wamekula lambo la kijiji kingine.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi kawaeleze hivyo hivyo."

Akaenda. Akarudi Jumatatu ya wiki ya mwisho, na lazima niseme kweli, safari hii hawakufanya mchezo. Kaya ni sitini na nane, na orodha ya wakuu wa kaya imenakiliwa kutoka kwenye daftari la kijiji. Maji ni ya kuchimba mchangani mtoni, nusu siku kwenda na kurudi, watu na ng'ombe shimo moja. Muhtasari wa mkutano uko, una muhuri. Mchango ni kusomba mawe, kila kaya siku zake. Vizuri. Nilikuwa natikisa kichwa kwa raha hadi nikafika swali la nne.

Ng'ombe wangapi? Wanatosha. Wengine wako Bukundi.

Loh! Nilisimama. Nilitembea mpaka mwisho wa baraza nikarudi. Katibu ananiangalia kama mtu aliyeleta mzigo uliovunjika.

"Bukundi kuna nini?"

"Ni wa baba mkwe," akasema. "Amewapeleka kwa ndugu yake, kwenye malisho. Tangu mwaka juzi."

Hilo halikunishangaza. Huku kwetu mtu mwenye mifugo mingi hawaweki wote zizi moja. Wengine anawapa ndugu au rafiki wa mbali awatunze, anywe maziwa, na ugonjwa ukipita hapa, kule wamebaki. Na kumuuliza mtu ng'ombe wake wangapi, mbele ya watu, ni adabu mbaya. Wazee wanasema ukiwahesabu kwa mdomo unawaita wafe. Haya yote nayajua, mimi ni Msukuma, lakini nililelewa nyumba ya mkatekista, na ng'ombe wetu walikuwa wawili. Ulihitaji kuhesabu nini hapo? Kwa hiyo nilijua mwiko kama mtu anavyojua wimbo wa kanisa jingine.

Nikakaa kwenye taipureta nikaanza kuandika barua ya tatu kwa mwenyekiti. "Kwa mara ya mwisho unaombwa." Niliigonga kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kwenye nukta. Nilipofika katikati nikasimama, kwa sababu nilimwona yule baba wa Lalago akikunja barua yake.

Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole. Leo Jumatatu. Barua iende kesho, wazee wakutane Jumatano, jibu lije Alhamisi. Na jibu lenyewe litakuwa nini? Nimeuliza wangapi, nikaambiwa wapo. Nimeuliza tena na sababu nikaitoa, nikaambiwa wanatosha. Maswali mengine matatu yalipoeleweka yalijibiwa. Hili limeeleweka na bado halijajibiwa. Basi si kwamba hawakusikia. Kuna kitu kimekaa juu ya swali hili, na mimi nikiuliza mara ya tatu kwa sauti kubwa zaidi, kitakaa kizito zaidi. Na Ijumaa itafika tukiwa bado tunatafuta adabu.

Nikaichomoa barua, nikaichana.

"Sikuulizi tena," nikamwambia katibu. Akashtuka, akadhani nimemfukuza. "Sikiliza. Nakuandikia maombi yote leo, mwanzo mpaka mwisho, na ng'ombe nitawakisia mimi mwenyewe. Kesho mlete mwenyekiti hapa. Mwambie asije kujibu kitu. Aje kusikiliza tu."

"Utakisia?" Macho yalimtoka. "Kama ukikosea?"

"Nitakosea. Ndiyo maana nataka asikilize kesho, siyo Ijumaa."

Lakini kukisia nako kuna mipaka yake, na mimi si mwehu. Kabla sijagonga herufi moja nilivuka barabara hadi ofisi ya mradi. Ofisa alikuwa kijana mpole, amevaa kaptula, ana ramani ukuta mzima. Nikamuuliza kama idadi ya mifugo ikiwa ya kukadiria watapokea.

"Tunapokea," akasema. "Ilimradi mseme ni makadirio, na mseme mmekadiria vipi. Kitu nisichokitaka ni namba ya uongo iliyovaa suti." Akaongeza kwamba muhtasari wa eneo hakuna kukadiria, huo uwepo au usiwepo. Nikamwambia upo, una muhuri. Akasema, "Basi sina kesi na ninyi."

Nikarudi nikafanya kazi. Yale tuliyoambiwa niliyaandika kwa maneno yao, nikiyanyoosha tu. Ya mtoni niliyaandika kwa uchungu, maana niliwahi kuchota maji ya mchanga mimi mwenyewe, najua unavyosubiri shimo lilie. Ilipofika mifugo, niliandika orodha ya kaya zote sitini na nane, kila jina na mstari wake, na mbele ya kila jina nikaacha nafasi. Humo sikugonga kitu. Nilichukua penseli nyekundu nikaandika kumi, kumi, kumi, kaya zote, kwa sababu zamani ushirika tulikuwa tukisema kaya ya kawaida upande ule ni zizi la kumi. Mbele ya mwenyekiti nikaandika themanini, heshima yake. Kisha juu kabisa ya rasimu nikabandika kipande cha karatasi: "Yaliyo kwa wino mmeyasema ninyi. Yaliyo kwa penseli nyekundu nimeyakisia mimi, na hakuna aliyenithibitishia. Mkiyaacha, yatakwenda kama makadirio. Asiyetaka kusema, akate tu na aandike pembeni."

Huo mstari wa mwisho niliufikiria kuliko barua yote. Kama mdomo ndio mwiko, labda kalamu si mwiko.

Jumanne asubuhi wakaja. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, fimbo mkononi, kofia ya pama kichwani, koti la zamani limefungwa vifungo vyote na joto lile. Katibu alipiga magoti kumsogezea kiti, kisha akaenda kukaa chini, mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa.

"Ng'wangaluka, bhabha," nikamwamkia.

"Ng'wangaluka, mayu. Nimeambiwa leo huulizi."

"Leo siulizi. Leo nasoma."

"Hiyo nzuri," akasema. "Maswali yako yalikuwa yanatukimbiza kama nyuki."

Katibu aliona haya kusoma mbele ya mkwewe, kwa hiyo nikasoma mimi, polepole, na pale Kiswahili cha ofisi kilipokuwa kigumu nikageuza Kisukuma. Mzee alisikiliza ameegemea fimbo. Kwenye maji ya mtoni alitikisa kichwa. Kwenye mawe alinikatiza: si kila kaya, wajane wasisombe mawe, wapike. Nikarekebisha pale pale. Kumbe ana maneno, huyu mzee! Mtu aliyenijibu "tuko tayari" kwa barua, sasa ananirekebisha mstari kwa mstari. Aliniambia hata jina la mto nimeliandika kama wanavyolitamka watu wa barabarani. Ikawa wazi kwangu kwamba kujaza pengo kunamchosha, ila kuona kosa hawezi kulivumilia. Nikajilaani kimoyomoyo kwamba sikufanya hivi wiki nzima iliyopita.

Kisha nikafika kwenye orodha. Nikamweleza wekundu ni wangu, ni wa kukisia, anaweza kuukata. Nikaanza. Jina la kwanza lilikuwa lake.

"Themanini," nikasoma.

Nikaendelea. Kumi. Kumi. Kumi. Nilipofika kama mtu wa kumi na tano akainua mkono.

"Mayu, umetupa ng'ombe wengi kuliko Mungu."

Nikacheka. Katibu naye akacheka, ameziba mdomo. Mzee hakucheka. Aliuweka mkono wake juu ya karatasi, mkono mkubwa uliojaa makovu ya kamba, ukafunika majina karibu yote.

"Wewe hujui," akasema. "Sikulaumu. Sisi ndio tulikuambia wapo."

Nilitaka kuuliza. Mungu anajua nilivyotaka kuuliza. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilikuwa nimesema leo siulizi, na mimi nikisema nimesema. Nikauma ulimi, nikanyoosha karatasi, nikamsogezea penseli.

Hakuishika penseli mara moja. Alianza kusema huku anaangalia barabarani. Akasema walio hai hawahesabiwi, hilo ni kweli, babu zetu hawakuwa wajinga. Lakini waliokufa mtu anaruhusiwa kuwahesabu, wao hawaogopi tena kitu. Akaanza kuwataja. Mweusi mwenye paji jeupe, huyo alianguka njiani kutoka mtoni. Mwekundu mama wa ndama wawili. Dume la madoa. Alitaja rangi, alitaja pembe, alitaja siku na mahali kila mmoja alipolala asinyanyuke. Sikuwa naandika. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Alipomaliza zizi la nyumbani, katibu, ambaye mpaka hapo hakuwa amesema neno mbele ya mkwewe, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wa Bukundi, baba?"

"Wa Bukundi ndio walioanza."

"Lakini kila siku unatuambia..."

"Nawaambia wapo." Mzee akamgeukia mkwewe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba. "Ningewaambia nini? Kijiji kizima kinasema tuna mwenyekiti mwenye ng'ombe. Watoto wangu wanakopesheka kwa ng'ombe wale. Kila nyumba mle inasema wapo, kwa sababu jirani anasema wapo. Mimi nilijua, nao walijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza."

Katibu alilia. Hakulia kwa kelele. Alijifuta na kona ya kanga huku anambembeleza mtoto ambaye hakuwa analia. Mimi nilisikia aibu ikinipanda shingoni. Themanini zangu! Nilimpa heshima ya ng'ombe themanini mtu aliyekuwa anazika.

Mzee akashika penseli. Aliishika kama jembe, ngumi nzima. Akakata themanini, mstari mmoja, akachora pembeni yake duara.

"Hilo ni sifuri," akaniambia, asije mpiga chapa akadhani ni kitu kingine.

"Bhabha, si lazima," nikasema. "Tunaweza kuandika jumla tu. Ofisa hahitaji jina la mtu."

Na kweli haikuwa lazima. Nilitaka kumfunika, na kwa kumfunika ningefanya kile kile walichokuwa wanafanyiana kijijini.

"Ofisa hahitaji," akasema. "Mimi nahitaji. Karatasi hii nakwenda nayo kwenye mkutano kesho. Mwenyekiti akianza na sifuri, nani atadanganya nyuma yake?" Akasimama. "Lambo likichimbwa kwa ng'ombe wa mdomoni, mvua moja mbaya na litabomoka, au litakosa kujaa, na watasema watu wale ni waongo. Nataka maji ya waliobaki. Wako waliobaki, mayu, kwa wengine. Wako."

Nikampa rasimu yote, na penseli. Sikubaki na nakala. Katibu alikunja karatasi kwenye kanga, na safari hii hakuzikunja mara nane. Alizikunja mara mbili tu, kwa uangalifu, kama mtu anayebeba yai.

Jumatano sikufanya kazi ya maana. Nilikosea barua za watu, niliwagombeza wawili, mwenye duka akaniambia leo umeamkia ubavu gani. Nilikuwa najiuliza je, kama wote watakata na kuandika uongo mpya? Je, kama mkutano utavunjika? Nilijua nitafanya nini: Ijumaa saa tano nitapeleka maombi hata kama nina makadirio matupu, na nitaandika wazi kwamba ni makadirio matupu. Hilo nilikuwa nimeamua na sikulibadilisha. Ila nilikuwa naomba.

Alhamisi mchana katibu akafika peke yake. Aliniwekea karatasi mezani bila kusalimu. Nikafungua. Kumi zangu zote nyekundu zilikuwa zimekatwa. Zote. Na pembeni ya kila jina kuna mwandiko: wengine wameandika wenyewe, herufi zimelala kama majani baada ya upepo, wasiojua kuandika wamepiga vistari, kimoja kwa kila ng'ombe, katibu amevihesabu chini kwa wino. Tatu. Tano. Mbili. Sifuri. Kumi na moja, huyo mmoja. Sifuri. Nne.

"Alisimama akasoma lake kwanza," katibu akasema. "Akakaa. Watu wakanyamaza, nikadhani ndiyo basi tena. Kisha mama mmoja mjane akaja akaomba penseli."

"Walisema kwa mdomo?"

"Hakuna. Walipokezana penseli tu mpaka jua likazama."

Niligonga nakala safi siku hiyo hiyo, kaboni tatu, na ile "e" niliisafisha kwanza kwa sindano, kila tundu. Jumla ya mifugo ilikuwa ndogo kuliko robo ya niliyokisia. Sikuiita makadirio. Niliandika: "Idadi hii imetolewa na kaya zenyewe katika mkutano wa kijiji." Chini yake, kwa kuwa mzee alikuwa amewataja na mimi sikuweza kuwasahau, niliandika sentensi moja juu ya wale waliokufa kiangazi kilichopita, bila rangi, bila pembe. Nilimsomea katibu. Akasema iache.

Ijumaa saa nne tulikuwa ofisi ya mradi, mimi, katibu na mzee, ambaye alikataa kiti akasimama mlangoni. Katapila lilifika kijijini kwao kabla ya mvua za mwisho wa mwaka, na lambo walilopewa lilikuwa la kiasi, likajaa. Hayo tuliyajua baadaye. Asubuhi ile tulichojua ni ofisa aliyekuwa anapitisha kalamu yake juu ya orodha, mstari wa kwanza, akasimama pale pale.

"Hapa kwa mwenyekiti mmeandika sifuri," akaniambia, na kwa upole wake akashusha sauti, mzee asisikie. "Ni kosa la taipu?"

Nimepiga chapa miaka mingi, na makosa yangu nayakubali. Nilimgeukia mzee pale mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Siyo kosa la taipu," akasema yeye mwenyewe, kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. "Gonga muhuri, mwanangu."